Nilimwambia "ukihitaji chochote nipigie", wiki ya tatu sasa simu haijaita

Shikamoo shangazi. Naishi Tanga, mtaa mmoja na shoga yangu tuliyezoeana miaka kama nane, yeye Mwislamu mi Mkristo ila hilo halijawahi kutusumbua. Mumewe amefariki wiki tatu zilizopita, presha, ghafla tu. Ana watoto watatu, mkubwa yuko darasa la saba, wa kati la tatu, wa mwisho hajaanza shule. Msibani nilikuwepo mwanzo mwisho, nimekata vitunguu mpaka macho yamevimba, na siku tunaanua matanga nikamkumbatia nikamwambia shoga, ukihitaji kitu chochote, usiku au mchana, we nipigie. Hajapiga hata mara moja. Nikimtumia meseji "vipi unaendeleaje" ananijibu "alhamdulillah tupo". Juzi nimemkuta yule mwanae wa kati dukani saa nne asubuhi, siku ya shule, anauliza kama wanakopesha mkaa. Nilirudi nyumbani nikalia. Mwenzangu yuko eda hatoki, biashara yake ya maandazi imesimama, na mi naogopa kuingilia mambo ya dini yao au nionekane najipendekeza. Mume wangu ni fundi bomba, anajua kuna bomba linavuja uani kwao lakini hajui aingieje. Hata hotipoti lake nililobeba msibani bado ninalo, naona aibu kulirudisha. Nifanyeje?
Jirani, Tanga

Marahaba mwanangu. Pole na wewe maana na wewe umepoteza jirani.

Hatapiga. Wala usimngoje. Na si kwamba hakuamini au amekasirika, ni kwamba ile sentensi yako imempa kazi badala ya kumpunguzia. Ngoja nikueleze ilivyo ukiwa upande ule maana mi nimeufika, nilifiwa na mume watoto wangu wakiwa bado wadogo na karibu kila aliyenipa mkono aliniambia maneno hayohayo ya kwako. Basi kuna usiku gesi ikaniishia, sufuria ya ugali iko jikoni maji hata hayajachemka, nikachukua simu nikaanza kupitia majina. Huyu mama mkwe wake anaumwa, sitamsumbua. Huyu nadaiwa naye hela ya kitenge. Huyu alisema nipigie lakini mumewe hapendi simu za usiku. Huyu atakuja ila kesho mtaa mzima utajua kwangu hakuna gesi. Nikafika herufi ya mwisho nikaizima simu, watoto wakanywa maji ya sukari na mkate wakalala. Watu walioniahidi walikuwa wakweli, nina hakika yeyote kati yao angekuja. Tatizo ni kwamba mfiwa inabidi kwanza ajue anakosa nini, na kichwa kile hakijui hata leo siku gani, halafu achague nani wa kumwambia, halafu apime kama ulisema kwa dhati au ni maneno ya msibani, halafu ndo ajishushe aombe. Kwetu huku kuomba ni kuzito hata kwa mtu aliyeshiba furaha, sembuse yule.

Sasa nikwambie aliyenifaa. Kulikuwa na jirani, mwanamke hata hatukuwa marafiki wa kusemana, wiki ya pili baada ya msiba alisimama mlangoni akasema, "Mama, gari la taka linapita Jumanne na Ijumaa, mi natoa zangu, na zako nitazitoa, we ziweke tu hapa nje usiku." Akaondoka. Hakuuliza naendeleaje, hakukaa, hakulia na mimi. Alifanya hivyo miezi minne na zaidi, na mpaka leo nikisikia lile gari namkumbuka yeye kabla ya wote waliohutubia makaburini.

Kitu alichofanya yule mama ndo unachotakiwa ufanye, kimekaa na vitu vitatu ndani yake. Alitaja jambo lenyewe, alitaja siku, na aliacha mlango wa kukataa ambao hauna aibu, maana ningetaka nisingeweka taka nje na kusingekuwa na maneno. Kwa hiyo we badala ya "ukihitaji chochote" mwandikie hivi: "Shoga kesho Jumamosi naenda soko la asubuhi, nakuletea nyanya, vitunguu, nazi mbili na samaki, nitagonga saa nne. Kama una vingine niandikie, kama huna usijisumbue kujibu." Umeona, hapo hana swali la kufikiria. Akinyamaza vitu vinakuja, asipotaka anaandika neno moja tu. Na kama lazima umuulize basi mpe viwili achague, "nilete dagaa au nilete samaki?", usimuulize "unapenda nikupikie nini" kwa sababu hilo swali kwa mtu aliyefiwa ni mtihani mzima.

Na hiyo hofu yako ya dini iweke chini kabisa. Waislamu wenyewe wana asili ya jambo hili na ni ya zamani: habari zilipofika Madina kwamba Jaafar bin Abi Talib ameuawa vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliwaambia watu waipikie chakula familia ya Jaafar kwa kuwa wamefikiwa na jambo la kuwashughulisha. Hawakuagizwa wakawaulize wanahitaji nini, waliambiwa wapike. Kwa hiyo ukipeleka chakula humwingilii mtu dini, unafanya kile ambacho shehe wake mwenyewe angekisifu. Ila kuna adabu zake ndogo. Kama ni kuku au nyama, hakikisha amechinja Mwislamu, na kama kwako kuna kitimoto inapikwa basi usimpikie kwenye sufuria zako, peleka vitu vibichi au kapike kwake kwa vyombo vyake. Hatakwambia hilo mwenyewe, atapokea, atakushukuru, halafu atakaa na bakuli hajui alifanye nini. Na kipindi hiki usimpelekee manukato, udi, hina, wala kanga ya kung'aa ukidhani unamchangamsha, akiwa edani hajipambi.

Eda yenyewe ndo ufunguo wa barua yako, sijui kama umeona. Mjane wa Kiislamu anakaa miezi minne na siku kumi, na ni miezi ya mwandamo, kwa hiyo weka kama siku 128 hivi (angekuwa na mimba ingeisha akijifungua, hiyo ni hesabu nyingine). Wiki tatu zimeshapita, zimebaki siku kama 107, yaani Jumamosi kumi na tano. Muda wote huo hatoki isipokuwa kwa dharura, mashehe wengi wanamruhusu mchana akiwa na haja ya lazima na usiku arudi alale nyumbani kwake, lakini wanawake wengi wa huku pwani hata hiyo ruhusa hawaitumii, wanaona haya na wanaogopa midomo. Sasa piga picha nyumba ambayo baba hayupo na mama hatoki. Nani anaenda dukani? Nani anaenda kusaga? Nani anabeba mkaa? Ndo yule mtoto wa darasa la tatu uliyemkuta saa nne asubuhi. Mkubwa ana mtihani Septemba hivyo mama amemlinda, wa mwisho ni mdogo, kwa hiyo huyu wa kati amegeuka kuwa miguu ya mama yake. We umeona mtoto anaomba mkaa wa kukopa ukaumia juu ya mkaa, mi nilichokisoma hapo ni shule. Mkaa ungekuwepo angeenda kununua chumvi.

Basi msaada wako wa kwanza ni kuchukua miguu ya huyo mtoto. Sio kumpa mama yake hela, hela ukimpa bado anayetumwa ni yuleyule. Wewe kila siku si unatoka? Chukua zamu mbili kwa wiki, tuseme Jumatano na Jumamosi, umwambie wazi, "Jumatano na Jumamosi napita kwako saa moja kasorobo asubuhi naelekea sokoni, orodha mpe mtoto aniandikie kwenye karatasi na hela, narudi nayo saa nne." Hela yake, miguu yako. Siku nyingine ukiongeza kitu chako ongeza, lakini msingi uwe huo maana mtu anaweza kupokea miguu kwa siku 107 bila kujisikia ombaomba, hela hawezi. Na mkaa nunua gunia zima siyo kopo, changia na wenzako, mmwagie stoo mara moja, biashara ya kumtuma mtoto kopo kwa kopo iishe. Halafu mwalimu wa darasa la tatu mtu amwambie kwamba mtoto amefiwa na baba, usishangae ukikuta pale shule hakuna anayejua wanahesabu tu utoro.

Umeme ni kitu unaweza kufanya hata ukiwa kitandani. Unatakiwa namba ya mita, zile tarakimu 11, mara nyingi zimeandikwa kwa kalamu ukutani karibu na mita au ziko kwenye meseji ya tokeni ya zamani, mwambie mkubwa akutumie mara moja tu uzihifadhi. Halafu unanunua unamtumia zile namba 20 za tokeni, "hii ya wiki hii shoga", basi. Uzuri wake hakuna anayekuona, wala yeye hahitaji kukutazama usoni.

Sasa maandazi. Hapa natofautiana kidogo na watu wengi ambao watakwambia mwache apumzike. Mwanamke aliyezoea kuamka saa kumi akakanda unga, ukimwacha anaangalia dari usiku kucha humsaidii sana, na kikubwa zaidi wateja wake hawatamngoja siku 107, wameshapata pengine. Kukaanga maandazi ndani ya nyumba yake si kutoka. Kinachomkwamisha ni kununua unga na kupeleka mzigo. Muulize kwa namna ya kukubali au kukataa, "Shoga, ukiwa tayari, hata wiki ijayo, kanda kilo mbili tu, mi nayachukua saa kumi na mbili na nusu nayapeleka kwa mama lishe na pale stendi, hela na ndoo narudisha saa tatu." Kilo mbili zinatosha kuanzia, ni kiasi ambacho hata yakibaki watoto watakula. Kuwa na daftari, andika idadi uliyochukua, uliyouza, yaliyobaki, mpe na daftari. Urafiki mwingi umevunjika kwa msaada ambao hesabu yake ilikuwa kichwani. Akisema bado hayuko tayari, usirudie kesho yake, rudia baada ya wiki mbili.

Na vikoba! Karibu nisahau. Kama yuko kwenye kikundi, kila wiki anakosa kikao na kila wiki hisa hazinunuliwi, na vikundi vingine faini inaenda tu, mwenye kitabu haangalii nani yuko edani. Anaweza kumaliza eda akakuta anadaiwa. Kama mko kikundi kimoja simama kikaoni useme wewe: faini zisimamishwe mpaka siku fulani, na ule mfuko wa jamii ambao tunachangia mia tano mia tano kwa ajili ya misiba umpe chake kama bado haujampa. Hilo ni jambo la dakika tano kwako, kwake ni kukosa usingizi.

Makaratasi sasa, na hapa kuna saa inakimbia. Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30, we umeniambia wiki tatu, kwa hiyo mna siku kama tisa. Baada ya hapo bado inawezekana ila inakuwa ya kuchelewa, maelezo yanaongezeka na ada inaongezeka. Kinachohitajika kwanza ni kile kibali cha mazishi kilichotolewa hospitali, ndo kinapelekwa RITA wilayani ili kipatikane cheti cha kifo. Na cheti hicho ndo kinafungua kila kitu baadaye, benki, mafao kama marehemu alikuwa anachangia NSSF, mirathi mahakamani, hata uhamisho wa mtoto. Mjane si lazima aende yeye, ndugu wa marehemu anaweza kwenda, na siku hizi maombi yanaanzia mtandaoni kwenye eRITA.

Nakwambia hivi kwa sababu kwangu kile kibali kilipotea. Siku ya tatu akina mama walifanya usafi, kwa nia njema kabisa, wakafagia chumba, na kwenye kile kimfuko cha nailoni cha hospitali kulikuwa na vidonge, risiti na karatasi imekunjwa mara nne. Kikaenda jalalani na sahani za plastiki. Tulizunguka karibu miezi mitatu kupata nyingine. Kwa hiyo ukienda kesho usifagie, we muulize tu, "Shoga, karatasi za hospitali ziko wapi? Naleta faili la plastiki tuziweke pamoja." Kaa naye mtafute: kibali, kitambulisho cha marehemu, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, karatasi za kiwanja kama zipo. Katoe kopi mbilimbili ya kila kimoja, rudisha za asili mkononi mwake siku hiyohiyo, zisilale kwako. Nani ataenda RITA, amuulize shemeji yake, wewe toa nauli au toa kopi. Na ule mstari usiuvuke: kikao cha ukoo cha kuchagua msimamizi wa mirathi sio chako, usiwe na maoni juu ya nani apewe nini. Neno moja tu unaruhusiwa kumnong'oneza kama rafiki, asisaini karatasi yoyote ambayo hajasomewa na mtu anayemwamini, hata kama aliyeileta anamwita shemeji. Simu ya marehemu nayo isizimwe ikatupwa kabatini, laini isiyotumika hufungwa na humo kuna meseji za wadeni na wadai. Hela iliyomo isitolewe kwa ile namba ya siri ambayo mtoto anaijua, hiyo ni mali ya warithi wote, ikitolewa kimya kimya ndo ugomvi wa ukoo unapoanzia.

Mumeo na lile bomba. Aende, bomba linalovuja ni hela inamwagika kila siku na bili haijui eda. Ila asiende peke yake. Nendeni wote wawili, au aende wakati kaka yake mjane au shemeji yupo, na kwa kuwa bomba liko uani ni rahisi zaidi, mjane akae ndani, wewe kaa na yeye, mumeo amalize kazi yake huko uani. Mwambieni siku moja kabla, saa na kitu chenyewe: "Kesho saa kumi jioni baba fulani anakuja kubadilisha koki ya uani, mi nakuja naye, nusu saa tu." Mume wa watu kuonekana anaingia kwa mjane jioni, hata kashika spana, wanatosha watu wawili kuona mtaa ukapata hadithi, na mwenye kuumia na hadithi ni mwanamke yule sio mumeo.

Watakuja wenzako waseme tufungue grupu la kumsaidia. Kugawana kazi ni vizuri, mmoja mkaa, mmoja mtoto wa mwisho saa mbili kila Alhamisi ili mama alale, mmoja kumsimamia mkubwa hesabu za jioni, na hiyo ya kumwacha alale ningeipa nafasi ya juu kuliko mnavyofikiri. Ila andikeni kwenye karatasi kwa watu wanne watano, msifungue grupu la wasap la watu sitini mkaandika "jamani watoto wa fulani wamelala na njaa", hiyo meseji itamfikia kabla ya unga wenu kufika.

Na usiahidi kikubwa. Mtu mmoja, simtaji hata cheo chake kwenye familia, alisimama mbele ya watu kwenye msiba wangu akasema ada ya huyu wa kwanza naibeba mimi. Wote wakamshukuru, na kwa sababu hiyo hakuna mwingine aliyejitokeza kwa ada. Muhula ulipofunguliwa simu yake ikawa haipatikani. Asingesema kitu nisingebaki na pengo, ahadi yake ndiyo iliyolichimba maana iliwaondoa wengine. Wewe ukiweza Jumatano tu sema Jumatano tu. Na kama Jumatano fulani unasafiri, mwambie Jumatatu, siyo asubuhi ileile mtoto kashakaa mlangoni na karatasi.

Akikukatalia je? Sikiliza anavyokataa. Akisema "hapana shoga usijisumbue, una mambo yako" hiyo ni haya, siyo kukataa, we peleka kidogo, nusu ya ulichosema, weka kibarazani uondoke. Akisema "wiki hii mama yangu yupo, anapika yeye" hilo ni jibu lenye sababu, liheshimu, rudi wiki mama akiondoka na uulize anaondoka lini, maana siku ndugu wanapopanda basi ndo nyumba inakuwa kubwa. Chakula kingi huja siku saba za mwanzo mpaka kinachacha, mwezi wa pili hakuna anayegonga. Ukitakiwa uchague wapi uweke nguvu zako weka mwezi wa pili na wa tatu. Halafu ukimwona hali kabisa, halali kwa siku na siku, au anaanza kusema afadhali na yeye amfuate mwenzake, hapo achana na mambo ya nyanya, usimwache peke yake, mwite dada yake au mama yake siku hiyohiyo na mumpeleke hospitali, eda haizuii kwenda kutibiwa.

Kile cha "vipi unaendeleaje" kipunguze. Kila ukimuuliza anatakiwa atunge jibu, na jibu ni lilelile alhamdulillah tupo. Mtumie kitu kisichohitaji jibu, "leo nimepita makaburini nimekuta lile nyasi limeota vizuri", au mtaje marehemu kwa jina, watu wakishazika wanaogopa kulitaja jina kana kwamba atakumbuka amefiwa. Hajasahau mama.

Sasa fanya hivi, leo usiku kabla hujalala umwandikie: "Shoga kesho saa moja kasorobo napita naelekea sokoni, mpe mtoto orodha na hela, akishanipa aende zake shule. Nikirudi saa nne nakuja na faili tukae nusu saa tupange karatasi za hospitali. Usipike chai, nimekunywa." Na hotipoti lake lirudishe hiyohiyo kesho, we mtu wa Tanga sina haja ya kukufundisha kwamba chombo cha watu hakirudi kitupu.